Vumbi, mbuzi na jua la Bwera

Kikundi kimoja cha wakulima wa Bwera kinabishana na muuzaji wa pampu. Mkataba wao ulipigiwa hesabu kwamba kila mita ya mraba ya eneo lile hupata kwa wastani kilowati-saa 5.3 za jua kwa siku, na kwa jua hilo pampu ya sola ingejaza tangi kabla ya jioni. Tangi halijai. Muuzaji anasema pampu haina kosa, jua ndilo lililopungua, na ushahidi anao: jedwali la kituo kidogo cha hali ya hewa kilicho jirani, linaloonyesha wastani wa 4.9 tu.

Jedwali hilo lilimfikia mwandishi wa makala haya kwa simu. Katibu wa kikundi, kijana ambaye hawakuwahi kuonana, alimwita mzee kwa sababu ya umri na fundi kwa sababu ya matumaini. Alikuwa amesikia kwamba zamani mwandishi alizunguka Kasese na Bwera akihudumia vifaa vya kupimia mionzi ya jua. Swali lake lilikuwa moja: namba hizi ni za kweli?

Jibu la haraka halikuwepo. Lakini swali lilimrudisha mwandishi kwenye miaka ile, na kwenye jambo ambalo wengi wanaoagiza paneli, pampu na mitambo ya umwagiliaji magharibi mwa Uganda hawalifikirii kabisa: kifaa kinachopima jua nacho huchafuka, huinama na kuchakaa, na makosa hayo matatu hayatibiwi kwa dawa moja.

Kifaa chenyewe huitwa piranomita. Kwa nje ni kitu kidogo, mduara wa chuma wenye kuba ya kioo juu, wakati mwingine kuba mbili, moja ndani ya nyingine. Chini ya kioo kuna bapa dogo jeusi. Jua likilipiga, bapa hupata joto kuliko mwili wa kifaa, na tofauti hiyo ya joto huzaa umeme mdogo sana unaopimwa kwa milivolti. Kila piranomita ya aina hii ina namba yake ya kalibresheni, inayosema ni mikrovolti ngapi hupatikana kwa kila wati moja ya jua kwenye mita ya mraba. Ukigawanya umeme kwa namba hiyo unapata jua. Kila tarakimu ya jedwali la Bwera imepatikana kwa kugawanya hivyo, kwa hiyo namba ya kalibresheni ikiwa na kosa, kosa limo kwenye kila mstari.

Mwandishi alianza kazi hiyo akiwa kijana, msaidizi wa fundi mmoja wa makamo aliyezoea kusafiri kutoka Kampala na sanduku jeusi magotini. Hakuliweka sanduku hilo kwenye buti ya basi hata mara moja. Ndani yake mlikuwa na piranomita ya rejea, yaani ile ambayo nyingine zote zingepimwa nayo. Ilitolewa kwenye sanduku siku za kulinganisha tu, kisha ikarudishwa gizani, kwa kuwa rangi nyeusi ya bapa hupauka kidogo kidogo kwa kukaa juani mwaka hata mwaka. Rejea inayofanya kazi kila siku hupoteza sifa ya kuwa rejea.

Kijana alitaka kujua rejea nayo imepimwa na nini. Akaelezwa kwamba mnyororo unapanda hadi Davos, mji wa milimani nchini Uswisi, kwenye kituo cha kimataifa cha mionzi ambacho taasisi yake ilianzishwa mwaka 1907. Huko hutunzwa kundi la vifaa vinavyotazama jua moja kwa moja, na wastani wa kundi hilo ndio dunia nzima imekubali uwe kipimo cha jua. Kila baada ya miaka mitano hivi wataalamu wa nchi mbalimbali hupeleka vifaa vyao Davos, huviweka juani pamoja na vya kundi lile na kurudi navyo nyumbani. Mkutano wa 2020 ulisogezwa hadi 2021 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kutoka Davos hadi mlingoti wa Bwera kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi huongeza shaka kidogo. Ndiyo sababu fundi yule hakuwahi kusema piranomita fulani iko sahihi. Alisema inakubaliana na rejea kwa kiasi fulani, basi.

Somo la kwanza la uchafu lilipatikana Kasese mjini, juu ya paa la taasisi moja iliyokuwa na paneli za kilowati 10. Ilikuwa msimu wa kiangazi cha Juni na Julai, wakati barabara za murram hutoa vumbi jekundu na moshi wa nyasi zinazochomwa huko bondeni hutanda hadi mlimani. Msimamizi wa mitambo aliwapokea kwa furaha. Alikuwa na daftari lenye hesabu za kila siku, na hesabu hizo zilimpendeza: kilowati-saa 40 zilizozalishwa, jua la 5.0, kwa hiyo paneli zinatoa asilimia 80 ya kile ambacho zingetoa kama hakungekuwa na upotevu wowote. Kwa mtambo wa miaka kadhaa, hali hiyo si mbaya.

Fundi alipitisha kidole kwenye kuba ya kioo, na kidole kikaacha mstari.

Hakuisafisha hapo hapo. Alimwagiza kijana aandike kwanza kifaa kinasoma nini, jua likiwa wazi na bila wingu karibu nalo, kisha akapangusa kuba kwa kitambaa laini chenye maji yaliyochujwa na spiriti kidogo, akasubiri dakika chache kifaa kitulie, wakaandika tena. Usomaji ulipanda kwa karibu asilimia sita. Jua lililokuwa likiandikwa 5.0 lilikuwa kwa kweli 5.3, na paneli zilizosifiwa kwa asilimia 80 zilikuwa zinatoa 75 na ushee. Zenyewe zilikuwa zimefunikwa na vumbi lile lile. Kifaa na paneli vilichafuka pamoja, kimoja kikaficha hali ya kingine, na daftari likabaki linapendeza.

Ubaya wa vumbi ni kwamba haliji siku moja. Hupunguza usomaji kwa sehemu ndogo ya asilimia kila siku, hakuna anayeona, mpaka mvua kubwa inaponyesha na kuosha kioo, na usomaji ukaruka ghafla. Ukichora siku zenye anga safi tu, moja baada ya nyingine kwa miezi kadhaa, utaona mteremko mrefu, mruko, halafu mteremko mwingine. Jua halina tabia hiyo. Linabadilika polepole kwa majira, na hapa karibu na ikweta linabadilika kidogo kuliko kwingine. Mteremko wa wiki nne unaokatishwa siku ile ile kipima mvua kilipoandika mvua kubwa ni vumbi, na hauhitaji kubishaniwa.

Si kila uchafu una tabia ya vumbi, hata hivyo. Kinyesi cha ndege huangusha usomaji mara moja, na huweza kufanya hivyo saa fulani tu za siku, jua linapopita upande wenye doa. Umande wa alfajiri huvuruga saa za kwanza, kisha hukauka na kuondoka bila kuacha alama. Mwandishi amewahi kuona kituo kilichosafishwa kila Ijumaa kwa uaminifu, lakini msafishaji hakuandika tarehe wala saa. Kazi yake ilikuwa nzuri kwa kifaa, ila kwa data haikusaidia sana, maana miruko ilionekana na hakuna aliyeweza kuthibitisha ilitokana na nini.

Bwera ilikuwa na shida nyingine.

Ule mji uko karibu kabisa na ikweta, kwenye vilima vya kusini vya Rwenzori, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Mpondwe na Kongo. Kituo kilikuwa kwenye uwanja wa nyasi, juu ya mlingoti wa chuma uliochimbiwa ardhini. Siku waliyofika, mlingoti ulikuwa umefungiwa mbuzi. Mama mwenye mbuzi alisema, bila wasiwasi, kwamba mti ule wa serikali ni imara na haujawahi kumwangusha. Fundi akamsalimu, akamshukuru kwa kuutunza uwanja, kisha akainama kutazama pimamaji iliyo ubavuni mwa piranomita. Kiputo kilikuwa nje ya duara, kimebanana upande wa magharibi. Kiputo hukimbilia upande wa juu, kwa hiyo kifaa kilikuwa kimeinamia mashariki. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, na mbuzi alikuwa amevuta.

Waliukadiria mwinamo huo kuwa nyuzi tatu. Kwa jicho la mpita njia, nyuzi tatu si kitu. Mlingoti ulionekana umesimama sawasawa. Kwa piranomita ni nyingi, kwa kuwa kazi yake ni kupima jua linaloangukia uso ulio sawa na ardhi. Ikiinamia jua hupokea zaidi ya haki, na ikilipa jua mgongo hupokea pungufu. Jua likiwa utosini, mwinamo mdogo haudhuru. Likiwa chini, karibu na upeo wa macho, nyuzi hizo hizo huleta kosa kubwa. Jua likiwa nyuzi 45 kutoka utosini, kila nyuzi moja ya mwinamo kuelekea jua huongeza mionzi ya moja kwa moja kwa karibu asilimia 1.7. Likishuka hadi nyuzi 60 kutoka utosini, nyuzi ile ile moja huongeza asilimia tatu. Mwanga uliotawanywa na mawingu na anga, ambao huja kutoka pande zote, hauguswi sana.

Fundi hakuinyoosha piranomita. Aliomba mbuzi ahamishwe, akafunga ubao bapa kwenye chuma kando ya kifaa, akaiweka rejea juu yake kwa kimo kile kile, akaisawazisha mpaka kiputo kikatulia katikati. Nyaya zote mbili ziliingia kwenye kinasa data kimoja, kinachosoma kila sekunde na kuandika wastani wa kila dakika. Kisha akakaa kivulini. Kijana alimuuliza mbona kifaa cha kituo hakipanguswi wala kunyooshwa kwanza. Akajibiwa kwamba siku ya kwanza ni ya kuuliza kifaa kimekuwa kikisema nini siku zote ambazo hawakuwepo, na ukikigusa hutalijua hilo tena.

Bahati iliwapa siku safi ya mwisho wa Machi, jua likiwa karibu limesimama juu ya ikweta. Inafaa msomaji ajue kwamba adhuhuri ya saa ya mkononi si adhuhuri ya jua. Saa ya Afrika Mashariki hufuata jua la longitudo 45, na Bwera iko karibu na longitudo 30, kwa hiyo jua hufika kileleni saa nzima baadaye. Kwa tarehe zile ilikuwa saa saba na dakika nane mchana. Fundi alichagua nyakati tatu za kutazama kwa makini: saa tatu kabla ya kilele hicho, kileleni penyewe, na saa tatu baadaye.

Asubuhi, saa nne na dakika nane, rejea ilisoma wati 700 kwa mita ya mraba na kifaa cha kituo kikasoma 698. Kijana alifurahi. Mchana rejea ilisoma 1,010, kituo 967. Furaha ikapungua. Alasiri, saa kumi na dakika nane, rejea ilisoma 690 na kituo 633, pungufu ya zaidi ya asilimia nane. Kifaa kimoja, siku moja, na majibu matatu. Mkaguzi aliyekuja asubuhi na kuondoka na basi la saa tano angeandika kwamba kifaa hakina tatizo, na angekuwa na namba za kuonyesha.

Kesho yake ndipo walipokigusa, kwa utaratibu, kosa moja moja. Mchana, jua likiwa juu na mwinamo hauna nguvu, walipangusa kuba wakati rejea ikisoma 1,010 kwa mara nyingine. Kituo kikapanda kutoka 967 hadi 997. Vumbi lilikuwa limekula asilimia tatu. Baada ya hapo walilegeza skrubu za miguu, wakasawazisha, na kuushindilia mlingoti kwa mawe na saruji. Siku ya tatu, asubuhi, mchana na alasiri, kifaa kilisoma pungufu ya rejea kwa asilimia 1.2, nyakati zote bila kubadilika.

Asilimia hizo 1.2 ndizo pekee zilizokuwa za kalibresheni. Hazikuondoka kwa kitambaa wala kwa skrubu, zilikuwa za bapa jeusi lenyewe kuzeeka. Namba ya zamani ya kifaa ilikuwa mikrovolti 9.12 kwa wati. Fundi aliizidisha kwa 0.988 na kupata 9.01, akaiandika kwenye kadi ya kituo pamoja na tarehe, namba ya rejea iliyotumika na hali ya anga.

Kwa maandishi hesabu hiyo ni nyepesi, lakini ina masharti ambayo mtu akiyaruka anapata takataka. Dakika zenye mawingu yanayopita mbele ya jua hutupwa, kwa sababu vifaa viwili havifanani kasi; kimoja hushtuka mapema, kingine huchelewa, na uwiano wao unaruka ovyo. Dakika ambazo jua liko chini sana hutupwa pia. Zinazobaki hukusanywa katika vifungu vya dakika kadhaa, uwiano wa kila kifungu hutafutwa, na vifungu vilivyo mbali na wastani, tuseme kwa zaidi ya asilimia mbili, huondolewa na wastani kupigwa upya. Usiku nao hutazamwa. Piranomita yenye afya haisomi sifuri kamili chini ya anga safi, husoma wati chache chini ya sifuri, kwa kuwa kuba hupoteza joto kuelekea anga baridi. Data za kituo kinachoonyesha sifuri safi usiku kucha huenda zimerekebishwa mezani.

Turudi kidogo kwenye siku ile ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo mwandishi anapoona thamani ya kazi yote. Vumbi lilipunguza asilimia tatu, uzee ukapunguza 1.2, na asubuhi mwinamo wa mashariki ukaongeza karibu asilimia nne. Vikafutana. Alasiri mwinamo ule ule ukageuka kuwa hasara, na hasara tatu zikarundikana. Tuseme mtu angefanya kalibresheni mchana wa siku ile bila kusafisha. Angepata namba 8.73 na kuibandika kwenye kifaa, sawa na muuza samaki anayepima beseni pamoja na samaki kisha akatangaza kwamba mizani imerekebishwa. Mvua ya kwanza ingeosha kioo, na tangu siku hiyo kituo kingesoma mchana zaidi ya asilimia tatu juu ya ukweli, kikiwa na cheti kipya.

Wapo wanaojitetea kwamba mwinamo wa mashariki si neno, kwa sababu faida ya asubuhi na hasara ya alasiri hufutana kwenye jumla ya siku. Katika nchi ya tambarare yenye anga safi kutwa, hoja hiyo ina uzito. Chini ya Rwenzori haina. Hapa mara nyingi jua huwaka asubuhi, na kufika alasiri mawingu yamekwisha kujijenga juu ya mlima na kufunika bonde. Faida ya uongo ya asubuhi inabaki kwenye daftari, na hasara ya alasiri ya kuifuta haiji, kwani chini ya mawingu mwanga unatoka pande zote na mwinamo hauupunguzi sana. Jumla ya mwezi inavimba.

Mwinamo wa kaskazini au kusini ni mjanja zaidi. Mwezi Juni jua la Bwera hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Piranomita iliyoinamia kaskazini kwa nyuzi tatu itaongeza siku za jua la Juni kwa asilimia tatu hivi na kupunguza za Desemba kwa kiasi kama hicho. Matokeo ni majira yasiyokuwepo. Mtu anaweza kupanga kalenda ya umwagiliaji kwa majira hayo.

Waliporudi Kampala, mkuu mmoja wa ofisi alitazama mchoro wa siku ile safi na kuukataa mwinamo. Alisema kilele cha kituo kimetokea saa saba kasoro dakika nne, dakika 12 mapema, kwa hiyo saa ya kinasa data ndiyo iliyokosea. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Karibu na ikweta, katika siku ambazo jua linapita utosini, kuinama nyuzi tatu kuelekea mashariki na saa kubaki nyuma kwa dakika 12 hutoa michoro inayofanana sana, maana jua hutembea nyuzi moja kila dakika nne. Fundi alimwonyesha njia mbili za kuvitenganisha. Vifaa viwili vilikuwa kwenye kinasa kimoja chenye saa moja, na rejea ilifika kileleni wakati unaostahili. Na pale ambapo hakuna rejea, tazama alfajiri: mwanga wa kwanza hutoka anga nzima, mwinamo hauusogezi wala dakika moja, lakini saa mbovu huusogeza. Jioni isitumike Kasese, kwa sababu mlima upande wa magharibi hulificha jua mapema na mchoro hukatika kwa sababu halali kabisa.

Swali lililobaki lilikuwa la data za nyuma. Walitoa siku zote safi kwenye kumbukumbu za kinasa na kugawanya jua la asubuhi kwa jua la alasiri katika nyakati zinazolingana pande mbili za kilele. Uwiano huo ulikaa karibu na moja kwa muda mrefu, kisha ukapanda baada ya mvua kubwa za Oktoba na Novemba na kubaki huko. Mwinamo ulikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Vumbi nalo lilifuatwa kwa kutumia kipima mvua. Siku safi zilisahihishwa. Siku za mawingu mepesi, ambazo hakuna ajuaye ni sehemu gani ya mwanga ilitoka kwenye jua lenyewe na ipi kwenye anga, ziliwekewa alama na kuachwa kama zilivyo. Fundi alikataa kuzipaka rangi.

Kwa macho hayo ndipo mwandishi alipolifungua tena jedwali la katibu wa Bwera. Siku safi zilikuwa chache lakini zilitosha. Asubuhi na alasiri zililingana, kilele kilikuwa mahali pake, kwa hiyo mlingoti umesimama vizuri. Tatizo lilikuwa kwingine: tangu mwanzo wa kiangazi thamani za mchana wazi ziliteremka wiki baada ya wiki, zikaruka siku moja tu, kwa takriban asilimia tano, siku ambayo safu ya mvua ilionyesha mvua nzito, kisha zikaanza kuteremka tena. Na kwenye kadi ya kituo, iliyopigwa picha na katibu, tarehe ya mwisho ya kulinganishwa na rejea ilikuwa ya zaidi ya miaka sita iliyopita. Watengenezaji wengi wa piranomita hushauri miaka miwili.

Mwandishi alimjibu katibu hivi: tofauti kati ya 5.3 na 4.9 ni karibu asilimia nane. Vumbi linaeleza sehemu ya pengo hilo, uzee wa kifaa unaweza kueleza sehemu nyingine, na kilichobaki kinaweza kuwa mwaka wenye mawingu zaidi. Jedwali hilo halithibitishi kwamba jua limepungua. Wala halithibitishi kwamba pampu ni mbovu. Muuzaji asilitumie, na kikundi kisilitumie, mpaka kifaa kipimwe kama kilivyo, kisafishwe, kisha kilinganishwe kando ya rejea kwa siku chache za anga safi. Wakati huo huo paneli za pampu zioshwe na maji yapimwe kabla na baada, kwa kuwa vumbi lililokaa kwenye kuba halikuziruka paneli zilizo jirani yake.

Kasese na Bwera sasa zina vifaa vingi zaidi vya kupima jua kuliko wakati ule: kwenye shule, kwenye mashamba ya umwagiliaji, kwenye mitambo ya kampuni na kwenye vituo vya hali ya hewa. Kwa vingi ambavyo mwandishi amevitazama, kuna fedha ya kununua na kusimika, lakini hakuna ya kulinganisha. Rejea moja nzuri, ikihifadhiwa gizani na kupelekwa kila baada ya miaka miwili kwenye maabara yenye mnyororo unaofika Davos, ingetosha kuzunguka vituo vyote vya wilaya katika kiangazi kimoja. Wenye vituo hivyo wakae pamoja wachange fedha za kuinunua, na kabla haijafika, kila kituo kiwe na daftari la kuandika tarehe na saa ya kila kupangusa, kiputo kilipokuwa, na usomaji wa kabla na wa baada.